Skripti ya filamu ya dakika tano: yanayosemwa na yalivyo

"Dakika tano ni fupi, kwa hiyo tuijaze visa."

Hapa ndipo skripti nyingi hufia. Kila kisa kipya kinadai maelezo yake, na maelezo ndiyo yanayokula muda. Mgogoro mmoja unatosha, mradi uweze kuuandika kwa sentensi moja: nani anataka nini, nani anamzuia, na mwisho ni saa ngapi. Kwa mfano: Zuhura anatakiwa kupeleka marejesho ya kikoba, shilingi 80,000, saa kumi jioni, mumewe Hamisi amezichukua asubuhi na kununua tairi la bodaboda. Hakuna mhalifu hapa. Bila tairi hakuna kazi, bila marejesho Zuhura anaaibika mbele ya wenzake. Ukiongeza mama mkwe na mchepuko, hakuna atakayepata muda wa kuumia.

"Wahusika waseme kila kitu ili mtazamaji aelewe."

Matokeo yake ni haya: "Mume wangu Hamisi, kama unavyojua, mimi ni mwanakikoba na leo natakiwa kupeleka marejesho." Hakuna mke anayemwambia mumewe jambo ambalo wote wawili wanalijua. Sikiliza watu wenye neno moyoni, hulizunguka:

ZUHURA: Umeingia chumbani leo?
HAMISI: Chai ipo?
ZUHURA: Nimekuuliza.
HAMISI: Lile tairi lilikuwa limeisha kabisa.

Mistari minne tu, na tumeshajua pesa zimekwenda wapi. Hamisi hajakiri, amejibu swali ambalo hajaulizwa. Kiasi na saa vitajulikana baadaye, Zuhura atakapohesabu noti zilizobaki chini ya godoro huku akitazama saa ya ukutani.

"Ukurasa mmoja ni dakika moja."

Ni kipimo cha kukadiria tu, tena kwa skripti iliyopangwa kwa mtindo wa kawaida wa filamu. Ukurasa wa majibizano ya haraka huisha kabla ya dakika, ilhali mstari mmoja, "Zuhura anapekua chumba kizima", unaweza kula dakika nzima. Isomeni kwa sauti mkiwa na saa, na vitendo mvifanye kweli. Ikifika dakika tano kwenye kusoma, punguzeni: ukimya na nyuso zitadai sekunde zao.

"Lokesheni nyingi ndizo zinazoifanya iwe filamu."

Kwa timu ya watu watatu, kila kuhama ni kufungasha vifaa, kupanga taa upya na kupambana na kelele mpya. Kisa cha Zuhura kinakaa sebuleni na chumbani, nyumba moja. Soko na gereji vitajwe tu. Hata wanakikoba si lazima waonekane: saa kumi inapogonga, mmoja wenu asimame nje ya mlango na kupiga hodi. Kamera ibaki kwa Hamisi, ufunguo wa pikipiki mkononi.