Kuongea haraka sio kujiamini: video ya kujitambulisha kwa anayetafuta kazi

Nimeletewa tena video ya kuomba kazi na ujumbe uleule, "kaka nisaidie kuiedit kidogo, nimejitahidi kuongea haraka ili nionekane najiamini." Jamani. Sijui nani aliwaambia watu kwamba kujiamini ni spidi, ila huyo mtu ameharibu video nyingi kuliko simu mbovu zote za mjini zikijumlishwa. Mimi kazi yangu ni kurekodi na kuedit, na kila siku nafungua klipu ambazo mtu ana kazi yake anaijua vizuri kabisa lakini anaonekana kama anakimbizwa, pumzi inamkata katikati ya sentensi, jina lake mwenyewe analimeza.

Sasa sikilizeni, hiyo haraka haianzii mdomoni, inaanzia kwenye skripti. Watu wanaingia mtandaoni wanakuta ushauri kwamba dakika moja ni maneno 150, wanaandika maneno 150 ya Kiswahili, halafu wanashangaa hayaingii. Hayawezi kuingia! Ile hesabu ni ya Kiingereza. Neno moja la Kiswahili kama "nilimkabidhi" limebeba mtu aliyefanya, wakati, aliyefanyiwa na tendo lenyewe, Mwingereza hapo anatumia maneno manne au zaidi. Maneno yetu ni marefu, yana silabi nyingi, kwa hiyo mimi dakika moja ya Kiswahili naihesabia maneno 100 mpaka 110, na kama ni video ya sekunde 60 nataka skripti ya maneno 90 tu, zile nafasi zinazobaki ni za kupumua. Ukiandika 150 umeshajihukumu kukimbia kabla hata hujawasha kamera.

Huyu dogo wa juzi anatafuta kazi ya stoo, anaishi Mbagala. Skripti yake ilikuwa inakaribia maneno 170 kwa sekunde 60. Ilianza na mkoa aliozaliwa, ikaja shule ya msingi, sekondari, kwamba ni mtoto wa tatu kwao, halafu ule msururu tunaoujua wote, mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, anaweza kufanya kazi chini ya presha na bila kusimamiwa. Stoo yenyewe ilitajwa mwishoni kabisa, kwa sekunde kama tano, tena hapo ndo pumzi imeshaisha. Nikamuuliza, hebu niambie mdogo wangu, ulikuta nini pale stoo na uliacha nini? Akaanza kunisimulia taratibu, vizuri, mpaka nikatamani ningekuwa nimewasha rekoda. Tukaandika upya kutokana na alichonisimulia, ikawa hivi:

"Habari zenu. Naitwa Fulani, ni stoo kipa, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Miaka minne nimetunza stoo ya vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, rangi na mabomba. Nilipoingia, leja ilikuwa inasema kitu kimoja na rafu zinasema kingine. Nikaanza kuhesabu kipande kimoja cha stoo kila Jumamosi, badala ya kungoja mwisho wa mwaka. Saruji iliyoingia kwanza niliipanga mbele ili itoke kwanza, isigande ndani. Ikafika mahali mfuko ukipungua, tunajua wiki hiyohiyo umepungulia wapi. Naandika leja ya mkono na natumia Eksel. Natafuta kazi ya stoo Dar au Pwani, naweza kuanza mwezi ujao. Asanteni kwa kunisikiliza."

Hayo ni kama maneno 90. Neno "mwaminifu" halimo, lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi akisikia "mfuko ukipungua tunajua wiki hiyohiyo" ameshaelewa anaongea na mtu wa aina gani. Elimu iko kwenye CV, namba ya NIDA na vyeti usivioneshe kwenye video, hiyo klipu itazunguka kwenye simu za watu usiowajua.

Kuna kitu kuhusu spidi kwa Kiswahili ambacho sijaona watu wanakisema. Wakati wa tendo kwenye lugha yetu umekaa katikati ya neno, kwenye silabi moja ndogo, li, na, me. Ukikimbia, hiyo silabi ndo ya kwanza kufa. "Nilitunza" na "ninatunza" zinatoka zinafanana, na mwajiri hajui kama kazi bado unayo au ulishaiacha, na hawezi kukuuliza kwa sababu ni video. Cha pili kinachomezwa ni mwisho wa sentensi, na sisi vitu vya maana tunaviweka mwishoni, jina la mahali, idadi, "mwezi ujao". Kwa hiyo dawa yangu sio kuongea polepole kila neno, ukifanya hivyo unasinzisha watu. Ongea kwa mwendo wako wa kawaida ndani ya sentensi, halafu kwenye nukta simama, funga mdomo, vuta hewa kwa pua, endelea. Kwenye skripti chora alama ya mkwaju, hii /, kila mahali pa kupumua. Na usikariri neno kwa neno, kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu, katikati jua mambo yanavyofuatana, maana aliyekariri akisahau neno moja macho yanapanda darini na mtazamaji anaona.

Tuje kwenye sauti, na hapa ntakaa sana kwa sababu ndo panaponikera. Watu wanakimbia na wanapiga kelele kwa sababu simu iko mbali. Ukiiweka simu mita moja kutoka usoni, mwili wako wenyewe unajua kuna umbali, unapaza sauti, ukipaza sauti unatumia pumzi nyingi, pumzi ikiisha unawahi kumaliza. Basi wanaamua kununua simu yenye kamera kali! Kamera haihusiki hapo hata kidogo. Maiki ikiwa mita moja inapokea sauti yako pamoja na mwangwi wa chumba, na kila ukipunguza umbali nusu, sauti yako inayofika moja kwa moja inaongezeka kama desibeli 6 wakati mwangwi unabaki vilevile. Kutoka mita moja mpaka sentimita 25 umepunguza nusu mara mbili, hizo ni desibeli 12, na hujanunua kitu.

Namna ya kufanya, azima simu ya pili. Washa rekoda ya sauti, iweke kwenye stuli ndefu au kitu chochote mbele ya kifua, chini ya fremu, sentimita 25 mpaka 30 kutoka mdomoni. Simu zote mbili ziwe hali ya ndege. Washa zote, piga kofi moja mbele ya kamera, halafu anza. Kwenye kuedit unaweka ile sauti chini ya video, unatafuta kale kamlima ka kofi kwenye sauti zote mbili, unayalinganisha, unazima sauti ya kamera. CapCut inafanya, na programu nyingine yoyote yenye leya mbili za sauti inafanya. Kama una earphone za waya zenye maiki, chomeka kwenye hiyo simu ya pili, bana maiki kwa pini kifuani, angalia tu isisugue kola. Nasema simu ya pili kwa sababu programu nyingi za kamera zinapuuza maiki ya nje hata ukichomeka, unakuja kugundua umemaliza. Zile za Blutuu zisizo na waya achana nazo, maiki yake ni ya kupigia simu, sauti inatoka nyembamba kama unaongea toka kwenye kopo.

Halafu chumba. Sebule zetu zina marumaru chini, ukuta mtupu na vioo vya aluminiamu, sauti inagonga kila upande. Piga kofi moja katikati ya chumba, ukisikia kamlio kanabaki baada ya kofi, hapo hapafai. Nenda chumbani kwenye kitanda na nguo zilizotundikwa, simamisha godoro nyuma ya kamera, yaani kule mdomo unakoelekea, watu wengi wanaliweka nyuma yao halafu wanasema halijasaidia. Kanga moja iliyotandazwa ukutani haifanyi kitu, blanketi zito linafanya. Zima feni, zima friji, na ukimaliza kumbuka kuiwasha. Na kama nyumba ni ya bati bila dari, usirekodi jua linapoanza kupanda, bati linapata joto linatanuka linalialia juu, sikio lako limeshazoea halisikii ila maiki inasikia. Wahi asubuhi, mwanga ukishatosha tu dirishani.

Fremu ni fupi. Kaa uso ukielekea dirisha, sio mgongo, na lile godoro lisizibe mwanga. Lenzi iwe usawa wa macho, pandisha simu kwa vitabu au ndoo iliyopinduliwa, ukiiweka mezani tunaangalia matundu ya pua. Macho yako yawe theluthi ya juu ya fremu, chini ikate kifuani. Usishike simu kwa mkono, kwa umbali wa mkono ile kamera ya mbele inavimbisha pua na kukimbiza masikio nyuma, mita moja au zaidi kidogo uso unakaa sawa, na ndo maana maiki lazima itenganishwe na kamera. Tumia kamera ya nyuma. Ndio, hujioni, na hiyo ni faida, kwa sababu unaangalia lenzi badala ya kuangalia nywele zako. Wima au kulala? Kama mwajiri hajasema na unatuma kwa WhatsApp, wima.

Kuna sehemu sina msimamo. Mwendo ninaousema unafaa stoo, uhasibu, udereva, uuguzi, lakini kwa kazi ya mauzo au kituo cha simu nahisi mtu mwenye spidi kidogo anavutia zaidi, japo bado asimeze silabi. Kukata video katikati nako nabadilika badilika, kuna waajiri wanaona ni kawaida na kuna wanaodhani unaficha kitu, ndo maana nikiweza narekodi dakika nzima bila kukata. Na sina hakika kama wanaangalia mpaka mwisho, kwa hiyo jina, kazi na mahali viko kwenye sekunde kumi za kwanza. Kama ni kazi za serikali kupitia Ajira Portal, kule wanataka barua na vyeti, usipoteze muda na video.

Ukimaliza, usijipime mwenyewe. Mpe mtu asiyejua kazi yako, acheze kwa spika ya simu, sio earphone, tena akiwa nje ambako kuna kelele kidogo, mara moja tu. Muulize, natafuta kazi gani, wapi, naanza lini, na hapo nyuma nilifanya nini. Akikosea mojawapo, sehemu hiyo ndo uliyokimbia, rudia. Akipata yote, tuma kwa WhatsApp kama faili, sio kama video ya kawaida, isije ikabanwa ikawa ukungu, na jina la faili liwe jina lako na kazi, sio VID na tarakimu ishirini.