Vipimo vya hospitali ukiwa kwenye majaribio ya kazi: dhana potofu kuhusu barua ya kumwandikia meneja

Kwa miaka kadhaa nilisimamia watu kazini, na barua za wagonjwa walio kwenye kipindi cha majaribio zilinifikia mezani. Karibu zote zilikosea pale pale: viapo vingi, tarehe chache. Mtu anajaza nusu ukurasa akieleza anavyoithamini kazi, halafu meneja anamaliza kusoma bila kujua siku gani hatakuwepo. Naandika haya kwa kuwa najua hofu iliyo nyuma ya barua hizo, na najua pia kwamba nyingi zingeweza kumsaidia mwandishi zaidi.

Tuchukue mfano mmoja. Mwajiriwa wa idara ya malipo yuko mwezi wa nne kati ya sita ya majaribio. Amekuwa akichoka sana, vipimo vya damu vimeonyesha damu imepungua, na mwezi uliopita alikosa siku mbili. Daktari sasa anataka afanyiwe kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana.

Dhana: kipimo ni cha saa moja, kwa hiyo naomba ruhusa ya asubuhi tu.

Hapa ndipo watu wengi huumia. Kamera yenyewe huchukua kama nusu saa hadi dakika arobaini na tano, lakini kazi inaanza kuguswa mapema zaidi. Siku ya kuamkia kipimo mgonjwa kwa kawaida hali chakula kigumu. Anakunywa maji, chai ya rangi na vinywaji vyepesi tu. Jioni anaanza dawa ya kusafisha tumbo, na mara nyingi sehemu ya pili anainywa alfajiri. Akishaanza, hawezi kukaa mbali na choo. Usiku huo halali vizuri.

Siku yenyewe wengi hupewa dawa ya kusinzisha. Baadaye mtu anaweza kuamka, akaongea na kucheka, akajiona mzima, kumbe kumbukumbu na maamuzi bado havijatulia. Ndiyo maana hospitali humtaka awe na mtu wa kumrudisha nyumbani, na humwonya asiendeshe gari, asitumie mashine, wala asitie saini nyaraka muhimu kwa saa 24. Kwa mtu anayeidhinisha malipo, katazo hilo la saini ni jambo la kazi moja kwa moja. Kipimo kikifanyika Jumatano saa tano asubuhi, saini yake si ya kutegemewa hadi Alhamisi saa tano asubuhi.

Kwa hiyo "kipimo cha Jumatano" kinagusa siku tatu. Aliyeomba asubuhi moja tu atalazimika kupiga simu mara mbili zaidi kuongeza muda, na kila simu inamfanya meneja ajiulize kuna nini kingine hajaambiwa. Omba siku zote kwa mara moja. Kabla ya kuandika, iulize hospitali mambo matatu: maandalizi yanaanza lini, kuna dawa ya kusinzisha au hapana, na majibu hutoka baada ya muda gani.

Dhana: meneja hatanielewa nisipomweleza ugonjwa wote.

Meneja anahitaji kujua lini hutakuwepo, nani atashika kazi yako, na lini atasikia tena kutoka kwako. Jina la kipimo si lazima, na dalili zako za chooni hazimhusu kabisa. Kubwa zaidi, usikisie. Nimewahi kusoma barua iliyosema "huenda ni saratani" wiki mbili kabla ya kipimo chochote. Neno hilo likishaingia kichwani mwa msomaji halitoki, hata majibu yakija safi. Kama madaktari bado wanachunguza, andika hivyo hivyo.

Angalia pia unachoambatisha. Karatasi ya miadi mara nyingi ina jina la kliniki na la kipimo. Usipotaka vionekane, omba hospitali cheti cha kuhudhuria chenye jina lako na tarehe, au peleka karatasi hiyo idara ya utumishi badala ya kwa meneja.

Dhana: moyo wa kazi unaonekana kwa kuahidi kwamba haitatokea tena.

Hujui kama haitatokea tena. Ndiyo sababu unapimwa. Ahadi ya aina hiyo ikivunjika mwezi ujao, kinachohesabiwa si ugonjwa tena bali neno lako. Vivyo hivyo "nitakuwa na simu muda wote" siku ya dawa ya kusinzisha: ni ahadi ya kufanya kazi wakati ambao hupaswi kuifanya. Moyo wa kazi ulionitosha mimi kama msimamizi ulikuwa ule wa kuona kazi imekabidhiwa kabla mtu hajaondoka. Barua ya mwajiriwa wetu ingeweza kuwa hivi:

> Ndugu Meneja, habari za kazi.
>
> Siku mbili nilizokosa mwezi uliopita zilitokana na tatizo la kiafya ambalo madaktari bado wanalichunguza. Nimepangiwa kipimo hospitalini Jumatano tarehe 14. Maandalizi yanaanza siku moja kabla, hivyo naomba kutoka Jumanne tarehe 13 saa nane mchana. Jumatano sitakuwepo kabisa, na kwa sababu ya dawa nitakayopewa sitaweza kujibu simu za kazi. Alhamisi tarehe 15 naomba kuingia saa sita mchana, nikiwa na cheti cha hospitali.
>
> Orodha ya malipo inayotakiwa Alhamisi nitaikamilisha Jumatatu na kuiweka kwenye folda ya idara. Mwenzangu wa meza ya pili amekubali kupokea maswali ya Jumatano.
>
> Majibu yanaweza kuchukua wiki mbili. Nikihitaji matibabu yatakayogusa ratiba, nitakuarifu mara nitakapojua. Nataka kuendelea na kazi hii na kuthibitishwa. Kwa kuwa tathmini yangu ni Ijumaa tarehe 16, naomba, ikiwezekana, isogezwe wiki inayofuata.

Sentensi ya kujitolea ni moja tu, na imekuja baada ya mipango. Hapo inaaminika.

Dhana: aliye kwenye majaribio hana haki, au, kinyume chake, mgonjwa hawezi kuachishwa.

Zote mbili si sahihi. Mkataba namba 158 wa mwaka 1982 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Lakini mkataba huohuo unaziruhusu nchi kuwaacha nje ya ulinzi huo walio kwenye majaribio, na nchi nyingi hazijauridhia. Kinachokuhusu ni sheria ya nchi yako na mkataba wako wa ajira. Tafuta humo siku za ugonjwa, muda wa kutoa taarifa, na kipengele cha kuongezewa kipindi cha majaribio. Kuongezewa huko wengi hukuona kama kushindwa, ilhali kwa mgonjwa mara nyingi ni nafuu kuliko kupimwa utendaji katika wiki aliyotoka hospitali.

Dhana: nikishatuma barua, nimemaliza.

Wiki mbili hupita na majibu hayajatoka, hasa kama kilichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya utumbo kupelekwa maabara. Meneja naye anasubiri, na wewe unaogopa kuandika kwa sababu huna jipya. Andika tu, mistari miwili, siku ileile wiki mbili ulizotaja zinapotimia: "Majibu bado. Hospitali wamesema nirudi Jumatatu, nje ya saa zangu za kazi. Ratiba ya wiki hii haibadiliki."