Kukagua chupa kwa modeli iliyoona chupa nzima tu

Kiwanda kinachoendeshwa vizuri kina uhaba wa ajabu kidogo: hakina bidhaa mbovu za kutosha. Chupa elfu kadhaa hupita kwenye mkanda, na mbili tatu ndizo zitakutwa zimemeguka mdomo, tena kila moja kwa namna yake. Anayetaka kuifundisha kompyuta kwa kuionyesha mifano mingi ya nzima na mingi ya mbovu hukwama hapohapo. Hata akikusanya kwa taabu picha hamsini za nyufa, kasoro itakayofuata huenda ikawa kipande cha plastiki kilichodondokea ndani ya chupa, na modeli yake inajua nyufa tu.

Otoenkoda hulikwepa tatizo hili kwa kufundishwa bidhaa nzima peke yake. Ni mtandao wa nyuroni wenye sehemu mbili. Ya kwanza hupokea picha na kuibana hadi ibaki orodha fupi ya namba. Ya pili huichukua orodha hiyo na kujaribu kuijenga upya picha ileile. Picha ya rangi ya pikseli 256 kwa 256 ina namba 196,608. Tukiibana zibaki 128, mtandao haupati nafasi ya kukariri kila pikseli, kwa hiyo hulazimika kushika yale tu ambayo chupa zote nzima zinafanana: duara la mdomo, kivuli cha ndani, mng'ao wa taa. Ni kama mchoraji ambaye maisha yake yote amechora chupa nzima. Mpe iliyomeguka aichore, mkono wake utaujaza ule ukingo uliokosekana. Nasi kazi yetu ni kuweka picha ya kamera kando ya nakala iliyojengwa upya na kutazama zinapoachana.

Tuchukue mfano ambao msomaji anaweza kuujaribu mwenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya MVTec ya Munich, Ujerumani, ilitoa mkusanyiko wa picha uitwao MVTec AD, wenye aina 15 za vitu, unaopatikana bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Kundi la chupa lina picha 209 za mafunzo, zote za chupa nzima, kamera ikitazama mdomo kutoka juu. Picha za majaribio ni 83: chupa 20 ni nzima, na 63 zimevunjika kidogo, zimevunjika sana au zina uchafu ndani. Hizo 63 haziguswi kabisa wakati wa mafunzo.

Kufundisha si kazi ngumu. Tunatenga picha kama 40 kati ya zile 209, na zilizobaki tunazipitisha kwenye mtandao mara nyingi hadi tofauti kati ya picha na nakala iache kupungua. Ugumu unaanza pale tunapotaka kuigeuza tofauti hiyo kuwa uamuzi: chupa hii ipite au itolewe.

Wengi huanza kwa kuchukua wastani wa kosa, yaani tofauti hiyo, la pikseli zote, na hapo ndipo wanapopotea. Tuseme, kwa kipimo cha 0 hadi 1, chupa nzima ina wastani wa kosa wa 0.020, kwa sababu nakala za otoenkoda huwa na ukungu kidogo na kingo za kioo hazitoki sawasawa. Sasa ije chupa yenye mmeguko wa pikseli 12 kwa 12, na kila pikseli hapo imeongezewa kosa la 0.5, ambalo ni kubwa mno. Pikseli hizo ni 144 kati ya 65,536. Wastani wa picha nzima unapanda kutoka 0.020 hadi 0.021 tu. Taa ikicheza kidogo, chupa nzima nazo zinapanda na kushuka kuliko hapo. Kasoro ipo, macho yanaiona, lakini hesabu imeimeza.

Dawa yake ni kutafuta mahali pamoja penye kosa kubwa kuliko pote, badala ya kusambaza kosa kwenye picha nzima. Tunapitisha kidirisha kidogo juu ya picha, tunachukua wastani ndani yake, kisha tunabaki na ule ulio juu kuliko yote, nao ndio alama ya chupa. Kidirisha hicho pia huzuia pikseli moja yenye chengachenga isitupigie kengele bure. Lakini kuna jambo la kufanya kabla ya hapo: kingo zina kosa kubwa hata kwenye chupa nzima. Kwa kuwa kamera haisogei na chupa hukaa mahali palepale, tunatumia zile picha 40 kujua kila pikseli ina kosa la kawaida kiasi gani na mtawanyiko wake, kisha tunalitoa na kugawanya kwa mtawanyiko huo. Katika PyTorch ni mistari mitatu, F ikiwa ni torch.nn.functional:

```python
kosa = (picha - nakala).abs().mean(dim=1, keepdim=True)
kosa = (kosa - wastani) / (mtawanyiko + 1e-3)
alama = F.avg_pool2d(kosa, 11, stride=1).amax(dim=(1, 2, 3))
```

Ikiwa bidhaa zinakuja zimegeuka huku na huku, mstari wa pili hauna maana mpaka uzipange kwanza.

Kizingiti nacho hupatikana kwa chupa nzima peke yake: tunapima alama za zile ambazo modeli haikufundishwa nazo, na tunaweka mstari juu ya karibu zote. Hapa picha 40 ni chache. Haziwezi kukuambia lolote la kuaminika kuhusu chupa moja kati ya mia, sembuse moja kati ya elfu, na kiwandani hesabu hiyo inauma. Mkanda ukipitisha chupa 10,000 kwa siku na kizingiti kikikataa asilimia 1 ya chupa nzima, chupa nzuri 100 hivi zinatupwa kila siku, huenda ili kukamata mbovu kumi. Kwa mawazo yangu, chupa mia moja zinazokataliwa zipite kwa mkaguzi mwenye macho. Modeli imempunguzia kazi kutoka elfu kumi hadi mia, na hiyo inatosha.

Kuna kosa jingine ambalo linafanana na mafanikio. Mtu anaona nakala zina ukungu, anapanua ile orodha ya kati kutoka namba 128 hadi elfu kadhaa, na nakala zinakuwa safi ajabu. Kosa la mafunzo linashuka, kila mtu anafurahi. Lakini mtandao uliopewa nafasi kubwa hivyo umejifunza kunakili chochote, ufa ukiwemo, na ufa ulionakiliwa vizuri hauachi tofauti. Namna ya kulitambua ni rahisi: chukua picha ya chupa nzima, paka doa jeusi dogo juu ya ukingo wake, uipitishe. Doa likitokea kwenye nakala, orodha ya kati ni pana mno. Chupa mbovu chache ulizonazo zihifadhi kwa majaribio ya namna hii, usizichanganye na mafunzo.

Modeli ikishawekwa mkandani, fuatilia alama ya kati ya chupa zote kila siku, si zile zilizokataliwa tu. Siku ambayo chupa chache zimeruka juu, zitazame chupa hizo. Siku ambayo alama ya kati imepanda kwa zote, hata zinazopita, futa lenzi na angalia taa kabla hujamfokea mtu wa tanuru.