Bob 20 kwa GB moja? Wacha tupige hesabu vizuri

Wiki hii tena mtu ameniambia hapa Kondele, nikiwa nimeshika simu yake na skrini iko nje, "Fundi, mimi sinunui bando za mwezi, hizo ni za matajiri, mimi nanunua GB moja kwa bob 20." Nimechoka kusikia hii kitu. Sasa naiandika mara moja, kesho mtu akianza namtumia link.

Kupata bei ya GB, hugawi pesa kwa GB ulizouziwa. Unagawa kwa GB ulizotumia. Ile ya bob 20 inaishi saa moja, na saa ikiisha kilichobaki kinaenda, haijalishi umetumia MB 60 ama 900.

Chukua shemeji yangu, anauza mitumba Kibuye. Siku nyingi ni WhatsApp tu, picha za nguo kwa stetasi na kujibu wateja. Alikuwa ananunua ile ya saa moja mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, so kwa siku 30 ni bob 1,200 na ameuziwa GB 60. Nikamwambia leta simu. Kwa Samsung unaingia Settings, Connections, Data usage, halafu Mobile data usage, na hakikisha kipindi kinachoonyeshwa ni mwezi mzima, kwa sababu wengi wanaangalia ya siku tatu wanafikiri ni ya mwezi. Tukapata GB 7.2. Basi! 1,200 gawa kwa 7.2 ni kama bob 167 kwa kila GB, na bob 40 kwa siku. Hiyo ndiyo "rahisi" yake, na GB karibu 53 zimeekspaya.

Bei ninazotumia hapa ni za mfano, za aina unayokuta ukipiga *544#, lakini zinabadilika na ofa ya laini yako si ya laini yangu, so weka zako. Tuseme ya mwezi ni GB 10 kwa bob 1,000. Kwa matumizi yake hiyo ni bob 139 kwa GB, 33 kwa siku. Tayari imeshinda ya bob 20. Ya wiki, GB 2.5 kwa 300, sitapoteza wakati nayo, kwa mwezi inapita hata 1,200.

Sasa hapa ndio watu hunikasirisha hata wale wanaojua kugawa. Mtu anasema, GB 7.2 kwa siku 30 ni MB 240 kwa siku, na kuna ya MB 250 kwa bob 20 ya saa 24, kwa hivyo bob 600 imetosha, kazi imeisha. Haijaisha! Hakuna siku shemeji anatumia MB 240. Tulifungua siku moja moja: siku za kawaida ni kama MB 130, halafu Jumamosi nne za huo mwezi, akifungua beli na kurekodi video kutoka asubuhi mpaka jioni, ni kama MB 950 kila moja. Hiyo MB 250 ingekata kabla ya saa nne asubuhi, na kama hajafunga matumizi ya nje ya bando, simu inaanza kula kredo kimyakimya.

So tukachanganya. Siku 26 za MB 250 ni bob 520, na Jumamosi nne za GB 1.25 mpaka usiku wa manane kwa 55 ni 220. Jumla 740, kama bob 103 kwa GB na 25 kwa siku. Hiyo ya usiku wa manane inunue asubuhi, ukiinunua saa mbili usiku umelipia saa nne tu.

Kuna mahali hesabu yangu inayumba na sitaficha. Hizo GB 7.2 alizitumia akiwa kwa bando za saa moja. Mtu wa saa moja hukimbizana, anafungua TikTok dakika za mwisho ndio data isiende bure, halafu bando ikiisha anakaa bila. Mpe GB 10 za mwezi na huenda atumie 9, ama 5. Ndiyo maana huwa naangalia tena mwezi wa pili baada ya kubadilisha.

Na ile ya bob 20 si mbaya, kama unashusha apdeti kubwa ukamaliza MB 900 ndani ya hiyo saa, kati ya hizi hakuna itakayoishinda.

Shemeji akauliza, na nikisahau kununua ya Jumamosi, inikatie katikati ya video? Nikamwambia, utaokoa na ya saa moja, bob 20. Tofauti ya 1,000 na 740 ni 260, so uko na nafasi ya kuokoa hivyo mara 13 kwa mwezi. Ukipita hapo chukua tu ya mwezi.