Tangi linapokwisha polepole: kwa nini ndoo ya kwanza hutudanganya

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia usafishaji wa tangi la plastiki la lita 5,000 hivi, lililokuwa juu ya mnara mfupi, na watu wanne walikuwa wakisubiri liishe maji ili waingie kulisugua. Nilifungua koki ya chini, nikakinga ndoo ya lita 20, nikapima kwa saa ya simu: sekunde 4.2. Nilirudia mara tano na jibu lilikuwa lile lile, kwa kukaribia. Nikagawanya, nikamwambia fundi kwamba baada ya dakika 18 tangi litakuwa tupu. Dakika 18 zilipotimia alipanda ngazi, akachungulia kwenye mfuniko, akaniita: "Mhandisi, humu bado maji ni ya magoti."

Kosa halikuwa kwenye ndoo wala kwenye saa. Nilikuwa nimechukua kasi ya maji ya dakika ya kwanza nikaifanya kuwa kasi ya muda wote, ilhali maji yanayotoka chini ya tangi husukumwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na uzito huo hupungua kadiri kina kinavyoshuka. Mwaka 1644 Mwitalia Evangelista Torricelli alichapisha kanuni inayotawala jambo hili: kasi ya maji yanayotoka tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina kilicho juu ya tundu. Kwa hiyo kina kikipungua hadi robo, kasi haipungui hadi robo, bali hadi nusu.

Sasa tuchukue vipimo vya tangi lenyewe. Lilikuwa na umbo la mcheduara wima wenye kipenyo cha mita 1.8, maji yalisimama mita 2 juu ya katikati ya tundu, na tundu lilikuwa na kipenyo cha milimita 40. Kwa kanuni ya Torricelli maji yangetoka kwa kasi ya mita 6.26 kwa sekunde, na tundu la ukubwa huo lingetoa lita 7.9 kila sekunde. Lakini ndoo ilionyesha lita 4.7 au 4.8 tu. Tofauti hiyo ni ya kawaida, kwa sababu maji yanapoingia tunduni kutoka pande zote hujibana, na mkondo unaotoka huwa mwembamba kuliko tundu. Ukitazama kwa karibu tundu lililotobolewa kwenye ukuta mwembamba, utauona mkondo umejikunja kiunoni sentimita chache baada ya kutoka. Ndiyo maana tunazidisha kwa kigawo cha utokaji, ambacho kwa tundu lenye kingo kali huwa karibu 0.6. Kwetu, ndoo yenyewe ndiyo iliyotupatia kigawo hicho.

Hesabu inaanzia kwenye usawa mmoja rahisi: maji yanayopungua ndani ya tangi ni sawa na maji yanayotoka tunduni. Tukiita kina `h`, eneo la tangi `A`, eneo la tundu `a`, kigawo `C` na mchapuko wa mvutano wa dunia `g`, tunapata:

```
A * dh/dt = -C * a * sqrt(2*g*h)
```

Wengi huukabili mlinganyo huu kwa kutenganisha pande mbili na kutafuta jumla ya mabadiliko, na njia hiyo ni sahihi. Mimi hupendelea kuacha kukitazama kina na kukitazama kipeuo chake badala yake. Kina kinapokuwa kikubwa hushuka haraka, na kinapokuwa kidogo hushuka taratibu. Lakini kipeuo chake cha pili hushuka kwa kiasi kile kile kila dakika, tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Kwa tangi letu, kipeuo cha mita 2 ni 1.414, nacho hupungua kwa 0.0394 kila dakika. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata takriban dakika 36. Tukiita muda wa tangi kuisha `T` na kina cha mwanzo `h0`, kanuni nzima ni hii:

```
T = (A / (C*a)) * sqrt(2*h0/g)
```

Humo ndimo ilimojificha sababu ya dakika zangu 18. Kwa kuwa kasi ya maji inategemea kipeuo hicho, na kipeuo kinashuka kwa mstari mnyoofu hadi sifuri, mtiririko nao hushuka kwa mstari mnyoofu hadi sifuri, na wastani wake ni nusu ya ule wa mwanzo. Muda halisi basi ni maradufu ya ule unaoonyeshwa na ndoo ya kwanza, na ni hivyo kwa kila tangi lenye kuta za wima, liwe kubwa au dogo. Nusu ya kwanza ya maji huondoka kwa dakika 10 na nusu tu. Robo ya mwisho peke yake huchukua dakika 18, na hiyo ndiyo sentimita 50 ya maji ambayo fundi aliiona alipochungulia.

Kanuni hii ina mtego mmoja ambao nimeukuta mara nyingi kwenye majedwali ya kompyuta. Ukiiandika kwa namna ya kina kwa wakati, inakuwa hivi:

```
h = h0 * (1 - t/T)^2
```

Weka dakika 40, na jedwali litakuambia bila kusita kwamba tangi lililokwisha dakika ya 36 limeanza kujaa tena. Sababu ni kwamba kuzidisha namba hasi kwa yenyewe huleta namba chanya. Kipeuo cha kina hakiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo baada ya `T` mwandishi wa jedwali lazima aweke sifuri kwa mkono wake.

Upo pia mpaka wa kimaumbile, na huo huja kabla ya `T`. Dakika ya 30 kina huwa kimebaki sentimita 5.4 tu juu ya katikati ya tundu. Hapo maji huanza kuzunguka na kuvuta hewa, na koki huguguma. Kina kikifika sentimita 2, sehemu ya juu ya tundu iko wazi na kanuni haihusu tena. Hilo hutokea kama dakika ya 32. Maji yaliyo chini ya tundu hayatoki kabisa, hata ukisubiri mpaka kesho.

Ukitaka kujua kama tangi lako linafuata kanuni, pima kina kwa kijiti kila baada ya dakika 5, tafuta kipeuo cha kila kipimo, kisha chora grafu ya vipeuo dhidi ya muda. Nukta zikikaa kwenye mstari mnyoofu, mambo ni sawa, na mteremko wa mstari utakupa `C` iliyo bora kuliko ya ndoo. Zikishuka taratibu kuliko mstari tangu mwanzoni, tundu la hewa juu ya tangi huenda limeziba, na mfuniko ufunguliwe mara moja, kwani tangi la plastiki linaloondoka maji bila kuingiza hewa huweza kujikunja kuelekea ndani. Na ikiwa tangi ni la kulala, kama la lori la maji, mstari mnyoofu usiutarajie, maana eneo la uso wa maji hubadilika kwa kila sentimita inayoshuka, na hesabu hiyo lazima ifanywe tabaka kwa tabaka.