Mkunjo wa kusahau: jibu limefutika, limechanganyika, au limekosa wa kuliita?

Karatasi iliyo mbele yangu ni ya mwanafunzi wa kidato cha nne ninayemfundisha Historia jioni. Mada ni mikataba mitatu ya kukomesha biashara ya watumwa Zanzibar, ambayo alikuwa ameisoma wiki moja kabla. Swali la kwanza ameandika: "Mkataba wa Hamerton wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa." La pili, linalotaka jina la sultani aliyesaini mkataba huo uliofunga soko, ameacha wazi. La tatu, Mkataba wa Moresby ulikataza nini, napo hakuna kitu. Makosa matatu, alama sifuri tatu, na yeye mwenyewe anayaita yote kwa jina moja: "Mwalimu, nimesahau."

Lakini hajasahau kwa namna moja. Wanaochunguza kumbukumbu wanatofautisha namna kadhaa za kusahau, na kila moja inataka marekebisho yake. Tuanze na ile inayojulikana zaidi.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri mpaka azitamke bila kosa, kisha akaziacha. Baada ya muda alirudi kuzikariri upya na kuhesabu ni kiasi gani cha kazi ya mwanzo ameokoa. Baada ya dakika kama 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku sita, 25. Baada ya siku 31, 21. Ukichora takwimu hizo unapata mstari unaoporomoka kwa kasi mwanzoni, kisha unalala karibu sawa na ardhi. Huo ndio mkunjo wa kusahau.

Hapa wengi huteleza. Asilimia 34 haimaanishi kwamba kesho yake Ebbinghaus alikumbuka theluthi ya silabi. Maana yake ni kwamba kazi ya kuzikariri tena ilipungua kwa theluthi. Kama mara ya kwanza ungetumia dakika 30, mara ya pili ungetumia kama 20. Ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonisaidia kulielewa swali la tatu la mwanafunzi wangu.

Nilimuuliza tena kwa mdomo: Moresby alikataza nini? Kimya. Nikamdokeza: mwaka 1822, enzi za Seyyid Said. Kimya. Nikamdokeza: fikiria watumwa waliuzwa kwa akina nani. Bado kimya, na usoni nilimwona hata hahisi kwamba kuna jibu lililo karibu. Ungesema limefutika kabisa. Basi nikampa daftari lake asome aya ile ile, kwamba mkataba ulizuia kuuza watumwa kwa raia wa mataifa ya Kikristo na ukaweka mstari baharini ambao chombo kilichobeba watumwa kikiuvuka kingeweza kukamatwa na Waingereza. Wiki iliyopita aya hiyo ilimchukua dakika 10 mpaka aweze kuieleza bila kuchungulia. Safari hii ilimchukua dakika 6. Ameokoa dakika 4 katika 10, yaani asilimia 40. Kumbe kuna kilichobaki, ila kilikuwa dhaifu mno kujitokeza chenyewe.

Udhoofu huo ndio unaoelezwa na nadharia ya kufifia: kila unachojifunza huacha alama akilini, na alama isiyotumika hupungua nguvu kadiri siku zinavyopita. Inaingia akilini haraka kwa sababu inafanana na rangi ya ukuta kupauka juani. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Marekani, John McGeoch, aliipinga kwa hoja ambayo mpaka leo ni ngumu kuijibu. Msumari ukikaa nje unashika kutu, lakini anayeushikisha kutu si muda, ni hewa na unyevu. Muda ni nafasi tu ambamo mambo hutokea. Kwa hiyo ukisema "nimesahau kwa sababu wiki imepita", bado hujasema ni nini kilichotokea ndani ya wiki hiyo.

Jibu la McGeoch lilikuwa mwingiliano: unasahau kwa sababu ulijifunza mambo mengine, kabla au baada, yanayogombania nafasi ile ile. Ushahidi mmoja maarufu ulikuwa umetangulia mwaka 1924, pale Jenkins na Dallenbach walipowapa wanafunzi wawili wa chuo orodha za silabi, kisha wakawaacha walale au waendelee na shughuli za mchana kwa saa sawa. Walipolala walikumbuka zaidi. Baada ya saa nane za kuwa macho, karibu orodha yote ilikuwa imepotea, ilhali baada ya saa nane za usingizi nusu hivi ilikuwa bado ipo. Muda ni ule ule, kusahau ni tofauti. Ni haki niongeze kwamba leo tunajua usingizi wenyewe huimarisha kumbukumbu, hivyo jaribio hilo halimalizi ubishi. Kufifia nako ni vigumu kukuthibitisha au kukukanusha, kwa sababu huwezi kuisimamisha akili ya mtu isipokee chochote ili uone muda peke yake unafanya nini.

Kwa mtu anayejiandaa na mtihani, hata hivyo, mwingiliano hauhitaji maabara. Tazama swali la kwanza. "Hamerton, 1873." Hakuna kilichofutika hapo. Jina ni sahihi, mwaka ni sahihi, soko kweli lilifungwa. Kosa ni kwamba vimeshikanishwa visivyo ndugu. Hamerton ni 1845, mkataba uliokataza watumwa kusafirishwa kutoka pwani yetu kwenda Uarabuni huku ukiruhusu biashara iendelee kati ya Kilwa na Lamu. Uliofunga soko ni wa Frere, 1873. Mikataba mitatu, Waingereza watatu, miaka mitatu, mada moja, na vyote vimesomwa usiku mmoja katika ukurasa mmoja. Ukiuliza "mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa", majibu matatu yanakimbilia mlango mmoja na lililo jepesi linatangulia.

Mwingiliano una pande mbili. Cha zamani kinaweza kukivamia kipya: aliyezoea Hamerton tangu muhula uliopita anamwona Hamerton kila mahali. Na kipya kinaweza kukifunika cha zamani: aliyemaliza kusoma Frere jana usiku hawezi kumpata Moresby leo asubuhi. Kinachoukuza ni kufanana. Sura ya Historia haisumbuliwi sana na hesabu za mlinganyo ulizofanya baadaye, bali husumbuliwa na sura nyingine ya Historia yenye miaka, majina na mikataba. Ndiyo maana siwashauri wanafunzi wangu kusoma mada zinazofanana mfululizo usiku mmoja kwa kukariri tu. Ama utenganishe siku, ama uzisome pamoja kwa makusudi ya kuzilinganisha, ukijiuliza kila mara: hii inatofautiana na ile kwa lipi?

Swali la pili ndilo linalowaumiza wanafunzi kuliko yote, kwa sababu jibu lilikuwepo. Nilipomwambia tu, "aliyemrithi nduguye Majid," alipiga meza: "Barghash!" Hakuongezewa kitu. Hakusoma tena. Alipewa kidokezo, na jibu likatoka zima.

Endel Tulving, mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Kanada, aliliita hili kusahau kwa kukosa kidokezo. Mwaka 1966, yeye na Zena Pearlstone waliwapa watu maneno yaliyopangwa kwa makundi. Wakati wa kukumbuka, waliopewa majina ya makundi walitoa maneno mengi zaidi kuliko walioachiwa karatasi tupu. Na hao wa karatasi tupu walipopewa majina ya makundi baadaye, wakayatoa maneno waliyokuwa wamekwisha kuyakosa. Kuwa na kitu akilini na kuweza kukifikia ni mambo mawili.

Baadaye Tulving aliongeza jambo ambalo kwa mtihani ni la thamani sana: kidokezo hufanya kazi kama kilikuwa sehemu ya kujifunza kwenyewe. Mwanafunzi wangu alimsoma Barghash chini ya habari za masultani na urithi wao, baba Said, kisha Majid, kisha Barghash. Hakuwahi kumsoma chini ya soko la watumwa. Swali lilipobisha hodi kwa jina la soko, hakukuwa na njia kutoka sokoni mpaka kwa Barghash. Wengine hutegemea vidokezo ambavyo mtihani hauna kabisa: ilikuwa kona ya juu kushoto, ilikuwa kwa wino mwekundu. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna kona wala wino huo.

Watu hupenda kulihusisha hili na chumba, kwamba usome ulipo mtihani. Mwaka 1975 Godden na Baddeley walionyesha kwamba wapiga mbizi waliojifunza maneno chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi chini ya maji, lakini jaribio hilo liliporudiwa mwaka 2021 halikutoa matokeo hayo. Mimi siwahangaishi wanafunzi na chumba. Nawahangaisha na maneno ya swali.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Kwa Barghash, tulitengeneza njia nne za kumfikia: kutoka kwa Majid, kutoka mwaka 1873, kutoka soko la Mkunazini, na kutoka kwa Balozi John Kirk, kwani Frere mwenyewe aliondoka bila saini na Kirk ndiye aliyeipata baadaye kwa tishio la meli za kivita. Kwa Hamerton na Frere, alichora jedwali la safu tatu na kuandika tofauti tu, bila yanayofanana. Kwa Moresby, ambako mkunjo ulikuwa umeshuka zaidi, alirudia kesho yake, siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kila mara akianza na karatasi tupu kabla ya kufungua daftari.

Karatasi tupu ni jambo linalochosha, na matunda yake hayaonekani upesi. Katika utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, waliosoma tu mara mbili walikumbuka asilimia 81 ya habari baada ya dakika tano, na waliosoma mara moja kisha wakajipima wakapata 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Anayesoma tena na tena usiku anajiona anajua, na kwa dakika tano zile ni kweli anajua.

Siku hizi mwanafunzi wangu akikosa swali huandika herufi pembezoni kabla sijamwambia kitu: M kama ametaja cha jirani, K kama amekumbuka baada ya kudokezwa, F kama hata dokezo halikufaa. Karatasi ya juzi ya maswali 20 ilikuwa na makosa saba. M nne, K mbili, F moja. Hizo M nne zote zilitoka kwenye Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 na Mkataba wa Heligoland wa 1890, alivyovisoma pamoja Jumapili usiku.