Marafiki wa uongo: jinsi sentensi moja ya Kifaransa inavyokula alama

Nafundisha tafsiri kati ya Kifaransa na Kiingereza. Wanafunzi wangu wengi walisoma Bujumbura, Goma au Lubumbashi, kwa hiyo Kifaransa wanacho tangu utotoni. Neno wasilolijua hawalichezei, wanafungua kamusi. Kinachowakosesha alama ni neno wanalodhani wanalijua kwa sababu limeandikwa karibu sawasawa katika lugha zote mbili. Koessler na Derocquigny waliyapa maneno ya aina hiyo jina la *faux amis* mwaka 1928, yaani marafiki wa uongo.

Orodha nyingi huanza na *librairie*, ambayo ni duka la vitabu na si *library*. Hilo halinisumbui sana, maana muktadha hulifichua mara moja: mtu akinunua kitabu "maktaba", msomaji anashtuka. Wabaya ni wale wanaoacha nyuma yao sentensi safi, yenye maana kamili, ila si maana ya mwandishi. Tazama hii:

*Le directeur assistera éventuellement à la réunion, mais il prétend ignorer les faits qu'on lui reproche.*

Tafsiri ninayoletewa mara kwa mara ni hii: *The director will eventually assist the meeting, but he pretends to ignore the facts.* Sarufi haina kasoro, lakini marafiki wa uongo wamo wanne.

*Assister à* ni kuhudhuria, Kiingereza *attend*. *Assist* ni kusaidia. Wasahihishaji wa mtindo wa Kifaransa huliita kosa hili *faux-sens*: maana imepinda, lakini msomaji bado anaweza kukisia. Huwa linakatwa kidogo. Mtego wenyewe upo pia ukirudi upande wa pili, kwani *attendre* ni kusubiri. Mwanafunzi anayetaka kusema alihudhuria mkutano akaandika *j'ai attendu la réunion*, amesema aliusubiri.

*Éventuellement* ni jambo zito zaidi. Maana yake ni huenda, ikitokea, ikibidi. *Eventually* ni hatimaye, mwishowe. Mwandishi alisema mkurugenzi huenda akaja, mfasiri amemhakikishia msomaji kwamba atakuja, ila atachelewa. Hapo shaka imegeuzwa kuwa uhakika, na hilo ni *contresens*, kosa linalokatwa alama nyingi zaidi. Angalia pia *une éventuelle augmentation*: ni nyongeza ya mshahara inayoweza kuja au isije. Ukiandika *eventual*, wafanyakazi wataanza kuingojea. Kiingereza chenyewe mara nyingi hakihitaji kielezi hapa, *may* inatosha.

Kisha *prétend ignorer*, ambapo marafiki wawili wa uongo wameshikana mikono. *Prétendre* ni kudai, *ignorer* ni kutojua. Mkurugenzi anadai hana habari. Katika *pretends to ignore* anajifanya anapuuza, maana yake anajua kila kitu. Mtu anayejitetea amegeuzwa mtu aliyekwisha kukiri. Ingekuwa hati ya mahakama, ningeogopa sana.

Yangu ingekuwa: *The director may attend the meeting, but he claims to have no knowledge of the acts of which he is accused.* Nimechagua *claims* badala ya *says* kwa makusudi, kwa sababu *prétendre* huacha harufu ya shaka: msemaji hajakubali bado kwamba ni kweli. *Faits* nimeipa *acts*, kwani mtu analaumiwa kwa matendo.

Dawa ninayowapa ni Kiswahili chetu. Kabla ya kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, andika juu ya neno, kwa penseli, maana yake ya Kiswahili ndani ya sentensi hiyo. Juu ya *actuellement* utaandika "kwa sasa", na juu ya *actually* "kusema kweli", na hapo hapo utaona havikutani. *Demander* itakuwa kuomba au kuuliza, *demand* itakuwa kushurutisha. Kiswahili hakina neno linalofanana na yoyote kati ya hayo, kwa hiyo hakikudanganyi kwa herufi.

Dawa hii ina mpaka wake, na *réaliser* ndiyo mfano. Maana yake ya asili ni kutekeleza, kama *réaliser un projet*. Lakini chini ya kivuli cha Kiingereza, Wafaransa wengi sasa huitumia pia kwa maana ya kutambua, na kamusi zao zinaionyesha. Msahihishaji mmoja ataipitisha, mwingine ataipigia mstari mwekundu. Ukiwa unaandika Kifaransa kwenye mtihani, tumia *se rendre compte*, ambayo hakuna anayeibishia. Ukiwa unaifasiri kwa Kiingereza, tazama kinachofuata: ikifuatwa na *que*, ni kutambua; ikifuatwa na mradi, filamu au utafiti, ni kutekeleza au kutengeneza, na *realise* haifai.